Kadi Nane na Karani Mmoja: Kufundisha Upangaji wa Kiputo na wa Kuunganisha bila Kompyuta

Hivi karibuni mwalimu mmoja wa Tehama aliniandikia akilalamika kwamba somo la kadi limemgeuka. Wanafunzi wake walipanga kadi nne zenye namba, kutoka ndogo hadi kubwa, kwa njia mbili ambazo programu hutumia, yeye akashika saa, na upangaji wa kiputo ukamaliza mbele ya ule wa kuunganisha. Akauliza atawaambiaje sasa kwamba wa pili ndio unaosifiwa.

Nilimjibu kwamba saa hupima wepesi wa vidole, na kusogeza mafungu ya kadi mezani huchukua muda. Kinachostahili kuhesabiwa ni mara ngapi kadi mbili zimelinganishwa. Tena kadi nne ni chache mno, kwa kuwa kiputo hakizidi milinganisho 6 na kuunganisha hakuzidi 5, na kwa tofauti hiyo hakuna atakayeshawishika. Anzia kadi nane, na umteue mwanafunzi mmoja awe karani, apige mstari ubaoni kila kadi mbili zinapolinganishwa.

Kadi zangu nilizikata kwenye maboksi ya karatasi. Mkubwa mmoja wa kazi alichungulia dirishani akauliza tangu lini programu zikafundishwa kwa karata, na darasa zima likacheka. Maneno yale yaliniuma, na sidai kwamba yameacha kuniuma. Lakini ni wanafunzi wa darasa lile lile ambao baadaye walisoma msimbo wenye kitanzi ndani ya kitanzi wakasema, bila kuulizwa, kwamba hicho ni kiputo.

Sharti la kwanza ni kadi kulala kifudifudi, na kwa wakati mmoja zifunuliwe mbili tu. Ukiziacha wazi, mwanafunzi ataona namba zote kwa jicho moja na kuchomoa ndogo kuliko zote, jambo ambalo programu haiwezi. Chukua mpangilio huu: 6, 3, 8, 1, 7, 2, 5, 4. Katika kiputo, kila kadi hulinganishwa na jirani yake wa kulia, na kubwa ikiwa kushoto hubadilishana nafasi. Mzunguko wa kwanza una milinganisho 7, nao huisha na 3, 6, 1, 7, 2, 5, 4, 8. Kadi ya 8 imefika mwisho na haiguswi tena, kwa hiyo mzunguko unaofuata una milinganisho 6, kisha 5, kisha 4. Hapo kadi zote zimekaa sawa, lakini wanafunzi hawaruhusiwi kulijua hilo mpaka wapite mzunguko mmoja zaidi, wa milinganisho 3, usiobadilisha kitu. Karani atakuwa na mistari 25.

Rudisha kadi kama zilivyokuwa, kisha ziunganishe mbili mbili: 3 na 6, 1 na 8, 2 na 7, 4 na 5. Hiyo ni milinganisho 4. Kuunganisha jozi mbili za mwanzo kunatoa 1, 3, 6, 8 kwa milinganisho 3, na mbili za mwisho zinatoa 2, 4, 5, 7 kwa 3 pia. Yamebaki mafungu mawili ya kadi nne nne, na hapa ndipo somo lilipo. Hufunuliwa kadi ya mbele ya kila fungu pekee, ndogo huteremshwa kwenye safu mpya, na iliyokuwa nyuma yake husogea mbele. Inalinganishwa 1 na 2, kisha 3 na 2, 3 na 4, 6 na 4, 6 na 5, 6 na 7, 8 na 7, halafu 8 inashuka yenyewe kwa kuwa haina wa kulinganishwa naye. Jumla ni 17.

Mwalimu mwenzangu, hapo usiketi. Wanafunzi wengi huyamwaga mafungu mawili pamoja na kuanza kuyapanga upya, nawe utaona kadi zimenyooka udhani wameelewa. Mtazame karani: kila mlinganisho huteremsha kadi moja, hivyo mafungu mawili ya kadi nne hayawezi kuhitaji zaidi ya 7. Mistari ya hatua hiyo pekee ikifika 8, kundi limeacha njia.

Wakishazoea, wape kadi 16, ambapo kiputo kinaweza kufika milinganisho 120 na kuunganisha hakuvuki 49. Andaa meza pana, kwa sababu kuunganisha kunahitaji nafasi tupu ya safu mpya, wakati kiputo hufanya kazi pale pale kadi zilipo. Mwisho wape kadi nane ambazo tayari zimepangwa bila wao kujua. Kiputo kitasimama baada ya milinganisho 7, kwa kuwa mzunguko mzima haukubadilisha kitu, ilhali kuunganisha kutatumia 12. Waache wabishane kuhusu jibu hilo kabla hujafungua mdomo.