Kichwa cha video kiandikie grupu la ukoo

Nyie mnaoanza kurusha video YouTube hapa Moshi, kuna kitu nilichelewa sana kukijua. Video zetu hizi za shamba watu wengi hawazitafuti, wanaletewa linki kwenye grupu la ukoo au la kikoba, katikati ya michango ya msiba na picha za jioni njema, sasa pale kinachoonekana ni kiboksi tu, picha na mstari au miwili ya kichwa, basi.

Mwaka jana nilirekodi Kibosho, mzee mmoja anakata mbuni uliochoka uchipue upya. Kichwa nikaandika "MSIMU WA 2 | SEHEMU YA 7 | Tumetembelea Kibosho kujifunza kukata mbuni mzee". YouTube inaruhusu herufi 100 na mimi nilikuwa na 75 hivi nikajiona niko salama. Shangazi akaituma grupu la ukoo, kwenye simu yangu ikasomeka mpaka "Tumetembelea Kibosho" af vidoti. Mbuni haupo! Mjomba akauliza mlienda Kibosho kwa nani, kuna msiba?

Nikageuza: "Mbuni mzee usiung'oe, ukate uchipue upya". Herufi 40, na hata ikikatwa njiani yale maneno mawili ya mwanzo yanamgusa mwenye shamba. Namba ya sehemu ikaenda kwenye maelezo chini, maana kwenye grupu hakuna aliyeona sehemu ya 6. Picha nayo, maandishi nilikuwa nimeyabana pembeni, na kiboksi kikitokea kidogo cha mraba kingo zinaliwa, kwa hiyo nikaweka kisiki na msumeno katikati bila maneno, kichwa kinasema kata na picha inaonyesha wapi, yaani sentimita 30 na kidogo kutoka ardhini, mkato umelala ili maji yasituame.

Sasa hapa ndo wengi mnakwama. Ukibadilisha kichwa YouTube, kiboksi kilichokwisha tumwa WhatsApp hakibadiliki ng'o, kwa sababu simu ya mtumaji ndiyo inayovuta kichwa na picha kabla hajatuma, af inaondoka navyo hivyo hivyo. Wakiendelea kufowadi ile meseji ya shangazi ni kichwa cha zamani kinachozunguka, ikabidi nimwombe aifute nimtumie linki upya. Na mtandao ukiwa mzito ukabonyeza tuma haraka kabla kiboksi hakijajitokeza, linaenda linki tupu, herufi za ajabu ajabu ambazo wazee wanadhani ni matapeli. Bandika, subiri kitokee, ndo utume.

Mimi siku hizi kabla ya kusambaza naiweka video isiyoorodheshwa (ikiwa ya faragha kabisa kiboksi hakitoi kichwa), najitumia mwenyewe, af naomba simu ya mama yenye maandishi makubwa nione kichwa kinakatikia wapi. Kwake hata ile ya 40 iliishia "ukate".

Nikaiacha hivyo hivyo. Mjomba safari hii aliuliza, ukate wapi?