Kisa kwa Kifaransa: wapi imparfait, wapi passé composé

> "Wakuu, najiandaa na DELF A2 hapa Dar. Nikisimulia kisa nachanganya imparfait na passé composé. Niliambiwa imparfait ni ya jambo la muda mrefu, lakini nimeandika 'J'habitais à Tabata pendant dix ans' nikapigwa kosa. Nitajuaje itumike ipi?"

Mkuu, hiyo kanuni ya muda mrefu na muda mfupi ndiyo inayokuponza, achana nayo. Kifaransa hakipimi jambo kwa urefu wake. Kinaangalia kama unalionyesha likiwa limeshafungwa, au likiwa bado linaendelea wakati mengine yanatokea. "Pendant dix ans" imefunga pande zote mbili: ulihamia, ukakaa miaka kumi, ukaondoka. Kwa hiyo ni "J'ai habité à Tabata pendant dix ans", na hata ingekuwa miaka hamsini isingebadilika. Ukisema "Quand j'étais petit, j'habitais à Tabata", imparfait inarudi, maana sasa unaeleza tu maisha yalivyokuwa utotoni na hakuna anayeuliza ulihama lini.

Sisi tuna kipimo ambacho Mwingereza hana, nacho ni "-ka-". Kitenzi ambacho ukisimulia kwa Kiswahili kinapokea "-ka-", kikakisukuma kisa mbele hatua moja, Kifaransa chake karibu kila mara ni passé composé. Kitenzi kinachokataa "-ka-" kwa sababu kinaeleza hali iliyokuwepo ni imparfait. Chukua kisa hiki cha mfano:

"Ilikuwa jioni, mvua inanyesha. Nilikuwa nasubiri daladala Kariakoo, simu nimeishika mkononi. Kijana mmoja alikuwa amesimama karibu yangu, amevaa kofia nyekundu. Mara akanipokonya simu, akakimbilia mtaa wa Msimbazi. Nikapiga kelele, lakini hakuna aliyesogea."

Kwa Kifaransa:

"C'était le soir et il pleuvait. J'attendais le daladala à Kariakoo et je tenais mon téléphone à la main. Un jeune homme était debout à côté de moi, il portait une casquette rouge. Soudain, il m'a arraché mon téléphone et il s'est enfui vers la rue Msimbazi. J'ai crié, mais personne n'a bougé."

"Akanipokonya", "akakimbilia" na "nikapiga kelele" zimekwenda moja kwa moja kwenye passé composé. "Inanyesha" na "nilikuwa nasubiri" hazina utata. Wengi wanateleza kwenye "nimeishika", "amesimama" na "amevaa". Mtu akiiona "-me-" anadhani jambo limekamilika, anaandika "j'ai tenu mon téléphone" au "il a porté une casquette rouge". Lakini "-me-" hapo inaeleza hali ambayo mtu yumo: kofia ilikuwa bado kichwani wakati wa wizi. Ukiandika "il a porté", msomaji anahisi kofia ilivaliwa ikavuliwa, kama tukio lenye habari yake. Kwa hiyo vitenzi vya kuvaa, kushika, kukaa, kusimama na kulala, vikiwa na "-me-" ya hali, vipeleke kwenye imparfait: "il portait", "je tenais", "il était assis", "il dormait".

Usiichanganye na "-me-" ya jambo lililotangulia. "Nilipofika kituoni daladala lilikuwa limeshaondoka" ni "le daladala était déjà parti", na huo ni wakati mwingine kabisa, plus-que-parfait. Ukiweza kuongeza "-sha-" bila kuharibu maana, ujue ni huo.

Sasa kipimo chenyewe kina mipaka. Kwanza, tukio la kufungulia kisa huwa na "-li-", siyo "-ka-": "Jana nilikwenda Kariakoo, nikanunua viatu." Hiyo "nilikwenda" bado ni passé composé, "je suis allé", kwa sababu ndiyo hatua ya kwanza ya mfululizo. Pili, "-ka-" ya masimulizi haina ukanushi wake. "Hakuna aliyesogea" ipime kwa kuigeuza iwe ya kukubali: "watu wakabaki wanatazama". Imepokea "-ka-", basi "personne n'a bougé".

Tatu, na hapa ndipo pa kuwa makini, mazoea nayo huweza kuvutia "-ka-". "Kila Jumamosi tulikuwa tunaamka mapema, tukanywa chai, tukaenda Coco Beach." Yote hiyo ni imparfait: "Tous les samedis, on se levait tôt, on buvait du thé et on allait à Coco Beach." "Kila Jumamosi" imeitawala sentensi nzima. Lakini ukitaja idadi, mlango unafungwa tena: "On est allés trois fois à Coco Beach." Usidanganyike kwamba jambo lililojirudia ni imparfait siku zote. Likishahesabiwa, ni passé composé.

Kuna vitenzi vichache ambavyo vikibadilishwa wakati vinabadilika na maana, na hivi ndivyo vinavyoonyesha kama mtu anasimulia au anakisia. "Je savais qu'il était malade" ni nilikuwa najua. "J'ai su qu'il était malade" ni nikapata habari. "J'avais peur" ni nilikuwa na hofu tangu kabla, "j'ai eu peur" ni nikaingiwa na hofu pale pale kitu kilipotokea. "Je pouvais sortir" ina maana nilikuwa na uwezo au ruhusa ya kutoka, hatujui kama nilitoka. "J'ai pu sortir" ina maana nilifanikiwa, nikatoka. Hata "il y avait" na "il y a eu" ni hivyo hivyo. "Il y avait une foule" ni umati uliokuwepo tayari, "il y a eu un accident" ni kukatokea ajali. Unaona mwenyewe kwamba "-ka-" inaingia upande mmoja tu kwenye kila jozi.

Neno "quand" lisikutishe, lenyewe haliamui chochote. "Quand il est arrivé, je mangeais": alipofika nilikuwa nakula. "Quand il est arrivé, j'ai mangé": alipofika, ndipo nikala. Sentensi zote mbili ni sahihi, ila chakula cha kwanza kilianza kabla ya mgeni na cha pili kilimsubiri.

Kwenye kuongea, ongeza tahadhari moja. Masikio yetu ya Kiswahili yana "e" moja, hivyo "mangeais" na "mangé" tunaelekea kuzitamka sawa. Kinachookoa ni mwanzo: "je" na "j'ai" zitofautishe wazi, usizimeze.

Kwa karatasi yako ya A2, zoezi la kwanza la kuandika linataka usimulie tukio au jambo ulilopitia kwa maneno yasiyopungua 60. Ukimaliza, soma passé composé zako tu kwa mpangilio, ukiruka imparfait zote. Kwenye mfano wa juu zinabaki: akanipokonya, akakimbia, nikapiga kelele, hakuna aliyesogea. Kisa kinasimama. Kama katikati ya mfululizo kimebaki "il a plu", jiulize kama mvua ilianza ikaisha kama hatua ya kisa, au ilikuwa inanyesha tu pembeni. Ukiwa unatoa taarifa, "Hier, il a plu", jana mvua ilinyesha, hakuna kosa hata kidogo. Kosa linaanza pale kijana anaponyakua simu ndani ya mvua hiyo hiyo uliyokwisha kuifunga.