Asilimia 90 ambayo hakuna aliyeihesabu

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Mpunguzi, Dodoma. Nimefundisha modeli ya kutambua magonjwa ya zabibu kwa picha za majani za PlantVillage, mkusanyo wa picha ulio wazi kwa wote, na kwenye majaribio ilipata asilimia 98. Tukaipeleka shambani. Kuna majani 100 ambayo iliyatolea uhakika wa asilimia 90 kwenda juu, wastani 96, lakini bwana shamba alipoyakagua alikuta imepatia 63 tu. Kati ya 37 iliyokosea, anasema 26 ni ubwiri. Mwenzangu anashauri tupandishe kikomo cha uhakika hadi 95, au tuifundishe zaidi. Tufuate lipi?

Jibu: Msifuate hata moja, na kwa sasa acheni kuwasomea wakulima hiyo namba. Swali hili hunijia kwa sura nyingi, leo zabibu, kesho alizeti ya Singida, na karibu kila anayeuliza ameshaamini jambo moja: kwamba asilimia iliyo kwenye skrini imetokana na kuhesabu ni mara ngapi modeli ilipatia. Haikutokana na hesabu hiyo. Hakuna aliyehesabu.

Tazama namba hiyo inavyozaliwa. Modeli yako inatoa alama ghafi kwa kila jibu, kisha `softmax` inazigeuza alama hizo kuwa mafungu yanayojumlika kuwa asilimia 100. Tuseme jani moja limepata alama 4, 1, 0.5 na 0 kwa majibu yako manne. Jibu la kwanza litaonyeshwa kwa asilimia 91. Ukizidisha alama zote mara mbili, jibu ni lilelile na mpangilio haujabadilika, lakini skrini sasa itasema asilimia 99.6. Ukizigawa kwa mbili itasema 65. Jani ni moja, modeli ni moja, na kilichobadilika ni ukubwa wa alama tu.

Sasa, nani anayeamua ukubwa huo? Ni mafunzo. Modeli ikishapatia karibu picha zote za kufundishia, haina tena cha kurekebisha kwenye majibu yenyewe, ila bado inaweza kupunguza hasara yake, yaani adhabu inayohesabiwa kwa kila jibu, kwa njia moja rahisi: kuzivuta alama ziwe kubwa zaidi ili kila jibu sahihi lisogee kutoka 95 kwenda 99, na kutoka 99 kwenda 99.9. Kwa hiyo ushauri wa "fundisha zaidi" kwa picha zilezile unazidisha ugonjwa unaotaka kuutibu. Jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 2017: watafiti walilinganisha mtandao wa neva mdogo wa zamani na ResNet, mtandao mkubwa wa tabaka 110, wakakuta ule mdogo uhakika wake ulikaribiana na usahihi wake, na ule mkubwa, ingawa ulipatia zaidi, ulijiamini kupita ilivyostahili.

Hapo ndipo watu wanaponichosha. Mtu anakuletea usahihi wa asilimia 98 kana kwamba ndiyo dhamana ya kila namba itakayotoka baadaye. Usahihi unasema umepatia mangapi. Kaliberesheni inauliza swali jingine: kati ya majibu yote uliyosema una uhakika wa asilimia 90, je, 90 kwa kila 100 yalikuwa sahihi? Watabiri wa hali ya hewa wamehangaika na swali hili tangu zamani. Kipimo cha Glenn Brier cha kupima utabiri unaotolewa kwa uwezekano ni cha mwaka 1950. Sisi wa modeli tumechelewa, halafu tuna haraka.

Turudi kwenye majani yako 37, maana umenipa taarifa nzuri kuliko wengi. Kwenye PlantVillage zabibu ina makundi manne tu: uozo mweusi, Esca, bakajani, na jani zima lisilo na ugonjwa. Ubwiri unga haumo kwenye zabibu. Ubwiri vinyoya nao haumo. Yaani magonjwa ambayo mkulima wa Dodoma anayaogopa kuliko mengine modeli yako haijawahi kuyaona, wala haina mahali pa kuyaandika. Jani lenye unga mweupe likiingia, `softmax` haina ruhusa ya kusema "hili silijui". Lazima igawe asilimia 100 yote kwa wale wanne, na mara nyingi mmoja hunyakua karibu yote.

Usitegemee kwamba jani geni litapewa angalau namba ndogo. Mwaka 2019 ilithibitishwa kihesabu kwamba mitandao inayotumia ReLU, kanuni inayogeuza kila namba hasi kuwa sifuri, inaweza kutoa uhakika mkubwa kupindukia hasa mbali na data iliyofundishiwa. Ndiyo maana kikomo cha 95 hakitakusaidia: kitapunguza majani unayoyajibu, lakini ubwiri mwingi utakuwa umekaa kwenye 97 na 98 pamoja na majibu sahihi. Kikomo huchuja makosa pale tu ambapo makosa huja na namba ndogo.

Ukiutoa ubwiri, unabaki na majani 74, na modeli imepatia 63. Hiyo ni asilimia 85, huku yenyewe ikidai takriban 96. Pengo hili la pili ndilo kujiamini kupita kiasi kwa maana yake halisi, na lina dawa. Pengo la kwanza, la majani 26, halina uhusiano na kaliberesheni. Hapo modeli inaulizwa kitu isichokijua. Mtu akikuuzia dawa moja ya mapengo yote mawili, anakudanganya.

Sehemu ya pengo la pili inatoka kwenye picha zenyewe. Majani ya PlantVillage yalichumwa, yakalazwa juu ya kitu kisicho na rangi nyingi, yakapigwa moja moja. Ya kwako yako mtini, yana vumbi, jua la saa nane na kidole cha mpiga picha. Watafiti walioandika juu ya mkusanyo huo mwaka 2016 walipata usahihi wa asilimia 99.35 kwa picha za mkusanyo wenyewe, na walipojaribu picha zilizopigwa katika mazingira mengine usahihi ukashuka hadi takriban asilimia 31. Wao wenyewe waliandika hivyo waziwazi. Wauzaji wa aplikesheni huchukua namba ya kwanza na kuiacha ya pili.

Dawa ya pengo la pili inaitwa kurekebisha joto. Unatafuta namba moja, `T`, unagawa nayo alama ghafi zote kabla ya `softmax`. Ikizidi 1, uhakika unashuka. Kwa kuwa mpangilio haubadiliki, jibu la modeli linabaki lilelile, haliwi bora wala baya. Ukiwa na alama za picha za shambani pamoja na majibu ya bwana shamba, kazi yenyewe ni hii tu:

```python
import torch
import torch.nn.functional as F

T = torch.nn.Parameter(torch.ones(1))
opt = torch.optim.LBFGS([T], lr=0.1, max_iter=50)

def hatua():
    opt.zero_grad()
    hasara = F.cross_entropy(alama / T, majibu)
    hasara.backward()
    return hasara

opt.step(hatua)
```

Mistari ni michache, na ndiyo sababu watu huiharibu. Kosa la kwanza ni kutafuta `T` kwa picha zilizobaki za PlantVillage. Huko modeli inapatia 98 na kudai karibu hivyohivyo, kwa hiyo `T` itatoka karibu na 1 na utadhani mambo ni salama. Itafute kwa picha za mashamba ya Mpunguzi, zile za magonjwa yaliyomo kwenye orodha. Kosa la pili ni kugawanya picha ovyo: picha tano za mzabibu mmoja zikiingia tatu upande wa kutafutia `T` na mbili upande wa kupimia, umejipima kwa mtihani uliokwisha kuuona. Gawa kwa shamba, shamba zima upande huu au ule. Na kwa kuwa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, pima tena msimu wa pili, kwa sababu majani na magonjwa ya wakati wa mvua si yale ya kiangazi.

Kupima ni kutengeneza jedwali. Panga majibu kwa uhakika uliodaiwa, 50 hadi 60, 60 hadi 70, na kuendelea, kisha mbele ya kila kundi andika asilimia iliyopatiwa kweli. Fanya hivyo pia kwa kila ugonjwa peke yake, maana modeli inaweza kuonekana sawa kwa jumla huku kwenye Esca inajisifu na kwenye jani zima inaogopa. Usiamini kundi lenye majani kumi. Hata hiyo 63 kwa 100 yako, kwa bahati tu ya sampuli, inaweza kusimama badala ya kiwango cha kweli cha kati ya 53 na 73 hivi. Inatosha kukataa 96, lakini haitoshi kujisifia kwamba umepanda kutoka 63 hadi 68.

Kwa majani ya ubwiri hakuna njia ya mkato. Kusanya picha za ubwiri unga na ubwiri vinyoya kutoka mashamba yenu, zikiwa zimethibitishwa na bwana shamba aliyegeuza jani na kuangalia chini yake, kisha ongeza makundi hayo na ufundishe upya. Baada ya hapo ndipo utafute `T`. Tofauti ya hao wawili si ya vitabuni: salfa inauzuia ubwiri unga, na kwa ubwiri vinyoya haifanyi la maana. Aliyeambiwa "asilimia 96" akanunua dawa isiyo yake amepoteza fedha na siku ambazo ukungu hauzisubiri.

Nawaambia na viongozi wa vyama vya ushirika wanaoletewa aplikesheni za namna hii, ziwe za magonjwa ya mimea, za kukadiria mavuno au za kuamua nani akopeshwe: asilimia kubwa kwenye skrini ni rahisi kuitengeneza, nimeionyesha hapo juu kwa kuzidisha kwa mbili. Mwambieni muuzaji alete jedwali la alichodai na kilichotokea, kwa data ya kwenu, ya msimu ambao modeli haikufundishiwa. Muulizeni pia inafanya nini ikikutana na kitu kisichokuwa kwenye orodha yake. Akijibu kwa kutaja usahihi wake wa maabara, hajalielewa swali, au amelielewa vizuri sana.

Wewe, mpaka jedwali lako litoke, ondoa asilimia kwenye skrini. Andika jina la ugonjwa unaodhaniwa, weka picha mbili za kulinganishia, na chini yake namba ya simu ya bwana shamba.