Logo mwanzo au mwisho wa video? Jibu kwa muuza leso

"Wakuu, nauza leso hapa Mombasa na nalipia video Facebook na Instagram. Dizaina wangu anataka logo ndio ifungue video ili watu wanijue, lakini naona wengi wanapita kabla ya sekunde tatu. Sasa nikiipeleka mwisho, si watatazama bila kujua duka ni langu?"

Ndugu yangu, mie nasimamia matangazo ya maduka ya nguo hapa mjini, mengi ni ya Biashara Street, na hili la logo huja kila tukikaa na mwenye duka. Kinachofukuza watu ni logo kushika skrini nzima peke yake wakati mtu hajaona bado anauziwa nini. Jina lako kuonekana mapema halina shida, na hapo ndipo wengi wanachanganya.

Kuna duka moja la leso tulilitengenezea video ya sekunde 15 kwa namna tatu. Ya kwanza ilianza na logo ya dhahabu inazunguka kwenye rangi nyeusi karibu sekunde mbili na nusu, yani leso yenyewe ikija kutokea ile sekunde ya tatu ishafika na mwenye kuskroli kashakwenda zake. Ya pili, tangu picha ya kwanza kabisa mikono inaikunjua leso na jina lake linasomeka, "Wema hauozi", logo ikaja sekunde ya 12. Ya tatu ni ile ile ya pili, tofauti moja tu, pembeni ya leso tuliweka mfuko wa duka wenye jina kubwa, nao uko pale kuanzia mwanzo.

Ile ya logo inayozunguka ilishindwa wazi kabisa. Ya pili na ya tatu zilikwenda sambamba, mfuko haukumfukuza mtu, kwa sababu jicho linakimbilia kusoma jina la leso, na wengi wanatazama bila sauti kwa hivyo maandishi ndiyo yanayowashika. Lakini kwenye ya pili komenti zilijaa "hii ni ya duka gani?", na kwenye ya tatu watu wakija WhatsApp wanataja duka kwa jina. Hiyo ndiyo hofu yako na ni hofu ya kweli, logo ya sekunde ya 12 inaonwa na waliofika sekunde ya 12 tu. Tuseme video imetokea mara 10,000, wakabaki 2,000 kwenye sekunde ya tatu na 400 kwenye ya 12 (namba za mfano hizi), basi hao 400 ndio walioiona logo, wale wengine wote wameona leso nzuri isiyo na mwenyewe.

Kupima, fungua Ads Manager, chukua 3-second video plays gawanya kwa Impressions, yani mara ngapi video imetokea, halafu linganisha video na video. Usizitie zote kwenye ad set moja ukangoja mshindi, mfumo hukimbilia kuipa moja sehemu kubwa ya bajeti mapema na zile nyingine hazipati watu wa kutosha. Tumia A/B test, watu wagawanywe sawa. Na kabla hujahukumu bonyeza Breakdown kisha Placement, maana watu wa Reels hawatazami kama watu wa Feed, na video iliyopelekwa zaidi upande mmoja inaweza kuonekana imeshinda kumbe ni mahali tu. Angalia pia ThruPlays, yani waliotazama mpaka mwisho au angalau sekunde 15, na meseji zinazoingia. Sekunde tatu zikipanda na meseji zikabaki pale pale, basi mwanzo wako unavuta watu wasiotaka leso.

Mfuko usiuweke chini kabisa ya skrini, kwenye Reels pale panafunikwa na maelezo na vitufe, uweke karibu na katikati. Na umwambie dizaina jina la peji yako tayari linatokea na tangazo, ni dogo lakini lipo, hauanzi na sifuri.

Ukija kulipia YouTube hesabu inabadilika kidogo. Kwenye yale matangazo ya kuruka, mtu hawezi kubonyeza mpaka sekunde 5 ziishe, kwa hivyo kabla ya hapo hana njia ya kuruka, na kama unalipa kwa kila mtazamo hukatwi kitu mpaka afike sekunde 30, au video iishe kama ni fupi, au abonyeze tangazo. Pale mie nalitamka jina la duka kwa sauti kabla ya ile sekunde ya tano, mara nyingi sauti huwa iko juu, na leso inaendelea kukunjuliwa vile vile.