Anzia kwenye tovuti, usianzie kwenye akaunti

Akaunti ina tiki ya bluu na wafuasi wengi. Hilo halitoshi kuonyesha kwamba ni ya shirika lenyewe?

Halitoshi. Swali hili hunifikia kila mara, ingawa jibu lake limekuwa wazi tangu Novemba 2022, Twitter ilipoanza kumuuzia tiki ya bluu yeyote aliye tayari kulipa takriban dola 8 kwa mwezi. Siku chache hazikupita kabla akaunti iliyojiita `@EliLillyandCo`, yenye tiki hiyo na nembo ya kampuni ya dawa ya Eli Lilly, kutangaza kwamba insulini sasa ni bure. Akaunti halisi ya kampuni wakati huo ilikuwa `@LillyPad`, na ndiyo iliyolazimika kuomba radhi kwa upotoshaji huo. Tazama majina hayo mawili kwa makini: la bandia ndilo lililofanana zaidi na jina la kampuni. Aliyekisia kwa macho alikuwa na kila sababu ya kukosea. Wafuasi nao hununuliwa.

Akaunti imeweka kiungo cha tovuti ya shirika. Nilikifungua, na tovuti ni ya kweli kabisa. Huo si uthibitisho?

Si uthibitisho, na hapa ndipo watu makini wanaponaswa. Mtu yeyote anaweza kuandika anwani ya tovuti yoyote kwenye wasifu wake bila kumwomba mwenye tovuti ruhusa, kwa hiyo kiungo kinachotoka kwenye akaunti kwenda kwenye tovuti hakithibitishi lolote. Kinachothibitisha ni kile kinachotoka upande wa pili, kwa kuwa ukurasa wa shirika huhaririwa na shirika lenyewe, na tapeli hawezi kujiongeza humo asipouvunja mlango kwanza.

Kwa hiyo, iache akaunti uliyoiona, andika mwenyewe anwani ya tovuti kwenye kivinjari, kisha tafuta alama za mitandao ya kijamii chini kabisa ya ukurasa au kwenye ukurasa wa mawasiliano. Bofya, na akaunti itakayofunguka ilinganishe na ile ya kwanza herufi kwa herufi, kwa jina la mtumiaji linaloanza na `@` au linaloonekana kwenye anwani, wala si kwa jina la kuonyeshwa, ambalo kila mtu hujichagulia. `I` kubwa hufanana na `l` ndogo, na `rn` zikikaribiana husomeka kama `m`. Ukiwa na shaka, tumia ile uliyofikishwa na tovuti na uachane na nyingine.

Nitajuaje kwamba tovuti yenyewe si ya bandia?

Usiifikie kupitia tangazo wala ujumbe uliotumiwa. Ichukue anwani kwenye mkataba, risiti au kadi uliyopewa na shirika, kisha usome mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza unaokuja baada ya `https://`. `msaada.shirika.example` ni mali ya mwenye `shirika.example`, lakini `shirika.example.msaada.test` ni mali ya mwenye `msaada.test`, hata kama jina la shirika limetangulia.

Nilibofya alama ya Facebook kwenye tovuti, ikanipeleka kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Nimedukuliwa?

Hapana. Ama aliyetengeneza tovuti aliacha kiungo cha mfano kinachoishia `facebook.com/` bila jina la akaunti, ama ulibofya kitufe cha kushirikisha ukurasa. Vyovyote iwavyo, bado hujathibitisha chochote.

Nililalamikia huduma hadharani, na dakika chache baadaye akaunti ya "huduma kwa wateja" ikaniomba namba ya simu. Niitume?

Usiitume. Matapeli huvizia malalamiko ya namna hiyo. Ikiwa akaunti hiyo haimo kwenye tovuti ya shirika, usiijibu, na ukiletewa nambari ya siri kwa simu usimpe mtu.

Je, kiungo kilichoko kwenye tovuti halisi kinaweza kumpeleka mtu kwa tapeli?

Ndiyo, na ningependa wasimamizi wa tovuti walisome jibu hili. Shirika linapobadilisha jina la akaunti au kuifunga, jina la zamani huweza kubaki wazi likachukuliwa na mtu mwingine, huku kiungo cha zamani kikiendelea kuelekeza huko. Msomaji huona akaunti isiyo na machapisho ya miaka iliyopita, au ghafla inazungumzia sarafu za mtandaoni. Instagram huonyesha, kwa akaunti nyingi, tarehe ya kujiunga na idadi ya mara ambazo jina limebadilishwa. Ukurasa wa Facebook nao una sehemu ya uwazi inayoonyesha tarehe ulipoanzishwa. Akaunti ya mwezi uliopita kwa shirika la miaka 20 inatosha kukusimamisha upige simu kwa namba iliyoko kwenye mkataba wako. Wasimamizi nao wavibofye viungo vyao vyote kila wanapobadilisha jina, pamoja na vile vilivyosahaulika kwenye kurasa za zamani.