Jibu: Kuromasu, kisanduku cheusi hujulikanaje?

"Kanuni nazijua, lakini nawezaje kujua kisanduku gani lazima kiwe cheusi bila kubahatisha?"

Ndugu, salamu kutoka Jinja. Kuromasu ni fumbo la gridi ambamo kila namba hutaja idadi ya visanduku vyeupe inavyoviona juu, chini, kushoto na kulia hadi cheusi au ukingo, pamoja na chake yenyewe. Tafuta namba ndogo iliyo karibu na namba nyingine kwenye mstari uleule, kwa sababu kisanduku chenye namba hakiwi cheusi kamwe.

Chukua gridi ya 7 kwa 7. Mstari wa 3, safu ya 2 ina 3. Safu ya 4 na ya 5 zina namba pia, na safu ya 3 katikati iko wazi. Ukiiacha nyeupe, ile 3 itajiona yenyewe, kisha safu ya 3, ya 4 na ya 5. Tayari ni 4, zimezidi. Kwa hiyo safu ya 3 ni nyeusi, na jirani zake wa juu na chini ni weupe, maana weusi hawagusani ubavuni.

Sasa tuseme namba ya safu ya 4 ni 9. Kushoto imezibwa. Juu ina 2, chini 4, kulia 3, jumlisha yenyewe mara moja tu (hapa ndipo wengi huharibu): 10. Kinapungua kimoja, basi kuna cheusi kimoja kwenye ncha: juu kabisa, chini kabisa au kulia kabisa. Ncha ipi, bado hatujui, ila vya kabla yake vyote vitie alama ya weupe. Jirani zao ndio watakuamulia ncha hiyo.