Kabla hujalinganisha riba na ukuaji wa mishahara: kwa wachambuzi wapya wa pensheni

Ukianza kazi hii hutakaa sana kabla ya kuletewa jedwali lenye safu mbili. Safu moja ina riba ya hatifungani za muda mrefu, ya pili ina ukuaji wa mishahara. Ya kwanza ni kubwa, na chini yake mtu ameshaandika kwamba mfumo uliopo, ule wa kupokezana, unawapunja wanachama, hivyo tuhamie kwenye mfumo wa akiba, ambao michango ya kila mtu huwekwa kwenye akaunti yake ikizaa riba. Namba za jedwali mara nyingi ni sahihi. Tatizo ni kwamba hitimisho halitokani nazo, na inafaa uweze kuonyesha hivyo kwa kalamu na karatasi tu.

Mfumo wa kupokezana ni ule ambao michango inayokatwa leo inawalipa wastaafu wa leo. Hakuna fungu lililowekwa mahali likizaa riba. Hata hivyo anayechangia hurudishiwa zaidi ya alichotoa, kwa sababu moja tu: atakapostaafu, mchango utakatwa kwenye jumla ya mishahara iliyo kubwa kuliko ile ya wakati wake. Jumla hiyo hukua kwa njia mbili, watu wanaolipwa kuongezeka na mshahara wa kila mmoja kupanda.

Tuweke namba, bila sarafu yoyote. Kipindi kimoja ni miaka 30, kiwango cha mchango ni asilimia 10, na jumla ya mishahara leo ni 1,000. Michango ni 100. Baada ya miaka 30 wafanyakazi wameongezeka kwa asilimia 20, na mshahara wa wastani umepanda kwa asilimia 25 baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Zidisha 1.2 kwa 1.25, unapata 1.5. Mishahara sasa ni 1,500 na michango ni 150, kwa hiyo waliotoa 100 wanagawana 150. Kwa mwaka ni kama asilimia 1.4.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Ukipewa takwimu za mfuko, usichukue ukuaji wa michango ukauita faida. Mfuko mchanga unaoandikisha sekta mpya kila mwaka unaweza kuonyesha michango ikikua kwa kasi kubwa hata kama mishahara imelala. Hao walioandikishwa nao watastaafu, na siku kila anayefaa kuandikishwa atakapokuwa ndani, kasi hiyo itakoma. Itenganishe kwanza: wanachama wapya waliotokana na kupanuka kwa wigo upande mmoja, ongezeko la nguvukazi yenyewe upande mwingine. Na hakikisha safu zote mbili zimeondolewa mfumuko wa bei. Nimeona riba ya kawaida ikipambanishwa na ukuaji halisi wa mishahara mara nyingi kuliko unavyodhani, na ushindi wa namna hiyo hauna maana yoyote.

Sasa mfumo wa akiba. Tuseme riba halisi inafanya fedha iwe maradufu kwa miaka 30, yaani kama asilimia 2.3 kwa mwaka. Aliyeweka 100 anapata 200. Pengo kati ya mifumo miwili ni 50 kwa kizazi hicho. Swali ambalo jedwali haliulizi ni hili: hiyo 50 imekwenda wapi?

Rudi siku mfumo wa kupokezana ulipoanzishwa. Siku hiyo walikuwapo wazee ambao hawakuwa wamechanga chochote, au walichanga kidogo sana, nao wakalipwa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Ida May Fuller wa Vermont, Marekani, mtu wa kwanza kupokea hundi ya kila mwezi ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo, Januari 1940. Alikuwa amekatwa dola 24.75 kwa muda wa miaka mitatu. Hundi ya kwanza ilikuwa ya dola 22.54. Aliishi hadi miaka 100, akafariki mwaka 1975, na jumla ya alichopokea ilikuwa dola 22,888.92. Hakuna aliyeiba. Alipewa zawadi, na zawadi hiyo bado inalipiwa.

Kwenye mfano wetu zawadi ni ile 100 ya mwanzo, waliyopewa wazee wa kipindi cha kwanza. Kizazi cha kwanza cha wachangiaji kinakosa 50 kikistaafu. Ukiirudisha kwenye thamani ya siku ya kuanza, kwa kugawa kwa 2, ni 25. Kizazi cha pili kinachanga 150 na kupata 225 badala ya 300. Kimekosa 75, na kwa thamani ya siku ile ile, ukigawa kwa 4, ni 18.75. Kizazi cha tatu kinakosa 112.5, ambayo ukiigawa kwa 8 ni kama 14.06. Kila namba ni robo tatu ya iliyotangulia. Jumlisha mfululizo wote bila kikomo: 25 gawanya kwa 0.25. Unapata 100 kamili.

Kaa na hesabu hiyo mpaka ikuingie. Faida ndogo ya mfumo wa kupokezana haitokani na uzembe wa wasimamizi. Ni riba ya zawadi waliyopewa wazee wa kwanza, ikigawanywa kwa kila kizazi kinachofuata. Zawadi ikishatolewa na kuliwa, hakuna mageuzi yanayoweza kuirudisha.

Jaribu kuhama uone. Katika kipindi cha pili serikali inasema: michango ya kupokezana imekwisha, kila mtu afungue akaunti yake. Vijana wanaweka 150 kwenye akaunti zao. Lakini wazee wanaidai 150 waliyoahidiwa, na haikatwi tena kwa mtu yeyote. Serikali inaikopa kwa hatifungani. Kipindi kinachofuata akaunti zimefika 300, taarifa za mfuko zinapendeza, na kila mwanachama anaona riba kamili. Wakati huo huo deni nalo limefika 300. Ili lisikue haraka kuliko mishahara linapaswa kuwa 225, hivyo serikali inakusanya kodi ya 75 kutoka kwa wenye akaunti hizo, ambao sasa wamestaafu. Toa 75 kwenye 300: wamebaki na 225. Ni ile ile waliyokuwa wapate bila kuhama.

Kilichobadilika ni kwamba deni lililokuwa limejificha ndani ya ahadi ya pensheni sasa limeandikwa kwenye vitabu vya hazina. Hilo lenyewe si baya, maana deni linaloonekana hujadiliwa. Ila usiliite faida.

Njia nyingine ni kizazi kimoja kukubali kulipa mara mbili: 150 kwa wazee na 150 kwenye akaunti zake, bila kukopa. Hapo waliofuata watafaidi kweli riba kamili milele, na faida yao yote ni hasara ya waliobeba mzigo. Chile, iliyohama mwaka 1981, ilikuwa imejiandaa kwa ziada ya bajeti. Waliohama walipewa hatifungani za kutambua michango yao ya zamani, na hazina ikaendelea kwa miongo kadhaa kuwalipa waliobaki kwenye mfumo wa zamani. Kwa hiyo ukiletewa pendekezo la kuhama, kabla ya kusoma makadirio ya faida tafuta mstari unaosema wastaafu wa sasa watalipwa na nani. Usipouona, faida iliyoandikwa kule chini imetoka hapo.

Hoja hii ina mipaka yake, na ni vizuri uiseme mwenyewe kabla hujaulizwa. Mfululizo ule unafika 100 kwa sababu riba inazidi ukuaji wa jumla ya mishahara. Ikiwa ukuaji ndio mkubwa na utabaki hivyo, mfululizo haufiki mwisho, na zawadi ya kwanza haimgharimu mtu: kila kizazi kinapata zaidi kwa kupokezana kuliko kwa kuweka. Hicho ndicho alichokionyesha mwanauchumi Paul Samuelson mwaka 1958, na mwaka 1966 mwanauchumi mwenzake Henry Aaron akakiweka kama sharti ambalo bado mtalitumia ofisini. Gumu ni neno "utabaki". Miaka michache ya riba ya chini haitoshi kulithibitisha.

Pia angalia ni riba gani iliyowekwa kwenye jedwali. Mara nyingi ni faida ya hisa. Faida ya hisa ina malipo ya kubeba hatari ndani yake, na mstaafu anayefikia umri soko likiwa limeanguka ndiye anayeibeba. Linganisha na hatifungani za serikali, kisha ujadili hatari kwa jina lake.

Halafu ada. Chukua mfano wetu uondoe ada ya asilimia 1 ya mali kila mwaka, kiwango ambacho wengi hukisoma na kupita. Kwa miaka 30 ada hiyo inaacha kama asilimia 74 ya fungu. Ile 200 inakuwa 148, chini ya 150 ya mfumo wa kupokezana, kabla hata hujagusa deni la mpito.

Upande wa mfumo wa kupokezana nao una ugonjwa wake, nao unajificha kwenye neno "wastani". Badili namba moja tu: wafanyakazi wapungue kwa asilimia 10 badala ya kuongezeka. Zidisha 0.9 kwa 1.25, unapata 1.125. Mshahara wa wastani umepanda vile vile kwa asilimia 25, lakini michango ni 112.5. Kama uliahidi 150, kiwango cha mchango lazima kipande kutoka asilimia 10 hadi 13.3. Mtu aliyetazama mshahara wa wastani peke yake hakuona lolote.

Sweden waliliona hili wakati wa kuunda mfumo wao mpya uliopitishwa mwaka 1998. Katika mchango wa asilimia 18.5, asilimia 16 inakwenda kwenye akaunti za hesabu tu, za mfumo wa kupokezana, na 2.5 kwenye uwekezaji halisi. Akaunti za hesabu hukuzwa kwa wastani wa mapato, si kwa jumla ya mishahara, hivyo ahadi inaweza kukua haraka kuliko uwezo. Kwa sababu hiyo waliweka breki inayojifunga yenyewe pale madeni ya mfumo yanapozidi mali zake, ambazo ni thamani ya michango ijayo pamoja na mifuko ya akiba ya kinga. Ilifunga kwa mara ya kwanza mwaka 2010, baada ya mifuko hiyo ya kinga kuporomoka katika msukosuko wa 2008, na pensheni zikapunguzwa. Ukikuta kanuni ya mfuko wowote inakuza mafao kwa mshahara wa wastani, uliza breki iko wapi. Kama haimo kwenye kanuni, mara nyingi itakuwa ni ruzuku kutoka bajeti ya serikali, na hiyo nayo iingize kwenye jedwali lako kama sehemu ya gharama.